Jina la Leso na Tangazo la Mgeni: Jinsi Neno na Picha Vinavyoweza Kuudhi

Utangulizi

Mnunuzi anayeingia katika duka la leso kwenye Mtaa wa Biashara mjini Mombasa hatazami rangi peke yake. Huikunjua leso, akaisoma, akatua kidogo, kisha aghalabu akairudisha na kuomba nyingine. Rangi imempendeza, mauwa yamempendeza, lakini jina halimfai. Huenda leso hiyo ni ya kumpelekea wifi yake aliyejifungua, na jina lililoandikwa linazungumzia hasidi. Akiipeleka, wifi hataiona zawadi; ataona kijembe. Muuzaji naye haoni ajabu yoyote, kwani anajua kwamba mteja wake hanunui kitambaa tu bali anachagua maneno ambayo mtu mwingine atayapokea kana kwamba yametoka kinywani mwake.

Makala haya yananuia kutazama kinachotokea pale ambapo mnunuzi wa aina hii si shangazi wa Kibokoni wala bibi harusi wa Lamu, bali ni kampuni kubwa ya kimataifa inayotaka kuwasemesha Waswahili kupitia mtandao. Kampuni kama hizi hupenda sana kuiweka leso katika picha zake. Ina rangi za kuvutia, ina maandishi ya Kiswahili, na huonekana kuwa njia ya mkato ya kumwambia mtazamaji kwamba tangazo hili ni lako. Tatizo ni kwamba aliyepanga picha mara nyingi ameiona leso lakini hakuisoma. Kadhia ya leso imechaguliwa hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndani yake hukutana karibu matatizo yote ya maneno na picha zinazoudhi, na kwa kuwa wanafunzi wa Kiswahili ndio huitwa, kwa malipo madogo na kwa haraka kubwa, kuyakagua matangazo ya namna hii.

Leso kwa macho ya anayeisoma

Leso ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yanayokaa ndani ya mji karibu na pindo la chini. Huuzwa mbili mbili. Neno lenyewe linatokana na Kireno, kutokana na vitambaa vya mkononi vilivyokuwa vikishonwa pamoja ili kupata nguo moja pana. Huku Mombasa jina hilo limedumu, ilhali Tanzania nguo hiyo hiyo huitwa kanga, na neno leso kwa Mtanzania ni kitambaa kidogo cha kupangusia jasho au kamasi. Tofauti hii inaonekana ndogo hadi kampuni itangaze kwamba kila mwenye kununua chupa mbili atapewa leso bure. Mteja wa Mombasa atakwenda dukani akitarajia nguo ya kujifunga. Mteja wa Tanga atajiuliza kwa nini ahangaike kwa ajili ya kitambaa cha mfukoni. Mmoja wao ataondoka akiamini kuwa amedanganywa, na kosa halitakuwa lake.

Maandishi ya kwanza ya leso yalikuwa kwa hati ya Kiarabu, kisha yakaja ya hati ya Kirumi. Wapenzi wa leso wanaifahamu chapa ya Mali ya Abdulla, iliyotokana na duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye mara nyingi hutajwa kuwa miongoni mwa walioieneza desturi ya kuweka misemo ya Kiswahili juu ya leso. Misemo hiyo ni ya aina nyingi. Ipo ya pongezi, ipo ya dua, ipo ya mapenzi, na ipo ile inayowafanya majirani watazamane kwa pembe ya jicho.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayohitaji maelezo. Mwanamke aliyevaa leso iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU hajamtaja mtu. Akiulizwa amekusudia nani, atajibu kwamba alipendezwa na rangi. Jibu hilo haliwezi kukanushwa, na hapo ndipo ilipo nguvu ya leso. Inasema bila kusema. Rose Marie Beck, mtafiti aliyeichunguza leso kwa muda mrefu, ameueleza utata huu kuwa ndio msingi wa mawasiliano yenyewe: msemaji anaweza kuyakana maneno yake, na msemwa anaweza kujifanya hakusikia, na amani ya nyumba ikabaki. Kwa lugha ya wanafasihi, leso ni fumbo ambalo mfumbaji wake anavaa na kupita.

Sasa kampuni ikiichukua leso hiyo na kuiweka nyuma ya chupa ya mafuta, utata huo unavunjika. Kampuni haiwezi kusema kwamba ilipendezwa na rangi tu, kwa sababu tangazo ni kauli ya makusudi. Kila kilichomo kimelipiwa. Na tena haina jirani mmoja inayemlenga. Watazamaji wake wote ndio walengwa. Anayesoma HASIDI HANA SABABU juu ya tangazo atajiuliza, hasidi ni nani hapa? Kampuni shindani? Au ni sisi tusionunua? Maneno ambayo kiunoni mwa mwanamke yalikuwa kijembe chepesi yamegeuka kuwa tusi la jumla.

Tangazo la kubuni

Ili jambo hili lieleweke, na tuchukue tangazo la kubuni, ingawa kila kipande chake ni cha aina inayoonekana mara kwa mara. Kampuni ya ng'ambo inauza mafuta ya kujipaka. Siku ya Akina Mama inakaribia, Jumapili ya pili ya mwezi wa Mei, na ofisi yake inataka picha moja na maneno machache yatakayotumwa kwa wakati mmoja Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo. Wazo lao ni jema: mjukuu anampa nyanya yake zawadi. Picha inaonyesha msichana aliyejifunga leso moja kifuani, mabega wazi, akimkabidhi mwanamke mzee chupa ya mafuta. Nyuma yao imetundikwa leso nyingine yenye jina USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Maneno yaliyoandikwa chini ni haya: "Mambo! Jumapili hii mpe bibi yako zawadi ya kumaliza ukavu wa ngozi. Nunua sasa."

Mkaguzi asiye makini ataangalia sarufi, na sarufi haina kasoro. Hakuna upatanisho uliovunjika, hakuna herufi iliyokosewa. Ataweka sahihi yake na kwenda zake. Lakini msomaji wa kawaida hasomi sarufi. Anasoma kisa: ni nani hawa, nani anamwambia nani, na kabla ya hapa kulitokea nini? Ukilisoma tangazo kwa maswali hayo matatu, linatoa visa viwili tofauti kabisa, na chanzo cha tofauti hiyo ni neno moja, bibi.

Kwa Wakenya wengi, hasa wa bara, bibi ni mke. Mtu wa Nakuru akisema anakwenda nyumbani kwa bibi yake, hakuna anayedhani anakwenda kwa mama ya mama yake. Huyo kwake ni nyanya au cucu. Msomaji huyu anaambiwa ampe mkewe zawadi, kisha anaitazama picha na kuona wanawake wawili, mmoja kijana na mmoja mzee. Nani kati yao ni mke? Macho yanapanda hadi kwenye leso iliyotundikwa, nayo inamjibu: usisafirie nyota ya mwenzio, yaani usitamani bahati isiyokuwa yako. Kisa kimekamilika. Hawa ni wake wenza, mkubwa na mdogo, na leso ni onyo la mmoja kwa mwingine. Tangazo la upendo wa mama limekuwa tamthilia ya ukewenza, tena yenye chumvi zaidi kuliko zile zinazosomwa darasani. Hakuna aliyekusudia hivyo, ila vipande vitatu visivyo na hatia vimekaa pamoja vikashuhudiana.

Kwa Mtanzania, bibi ni nyanya. Kisa alichokusudia mwandishi anakipata bila taabu, lakini anakumbana na jambo jingine. Anamwona mjukuu aliye mbele ya bibi yake akiwa na kanga moja kifuani, vazi la kutokea bafuni au la chumbani. Kanga huvaliwa mbili mbele za watu, moja kiunoni na nyingine ikitandwa begani au kichwani. Kanga moja mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu, na katika miaka ya karibuni kanga moja imehusishwa zaidi na ngoma za kukata viuno kuliko na heshima ya nyumbani. Zaidi ya hayo, tangazo linamwamkia kwa "Mambo!", salamu ya marika, katika ujumbe unaomhusu mtu wa kuamkiwa shikamoo. Msomaji huyu haoni ukewenza. Anaona mtoto asiyelelewa vyema.

Ni muhimu kutaja kwamba visa hivi viwili havikosoani. Mkaguzi wa Nairobi akipewa tangazo hili peke yake atalalamikia bibi, na mkaguzi wa Dar es Salaam atalalamikia kanga moja, na kila mmoja atashangaa kwa nini mwenzake anahangaika na jambo dogo. Kumchagua mmoja wao kuwa msemaji wa "soko la Kiswahili" ni kukubali kuudhi nusu ya soko hilo. Kongo nako kuna hali ya tatu. Katika Kiswahili cha Lubumbashi bibi ni mke, kama bara ya Kenya, lakini mavazi yanayotawala ni vitenge, ambavyo havina jina lililoandikwa juu yake. Msomaji wa huko huenda asiyatafute maneno kwenye nguo kamwe, na fumbo lote likampita.

Kuna pia suala la "Nunua sasa". Mkenya aliyezoea kusema "nipe soda" dukani, bila nia yoyote mbaya, haoni ukali katika agizo tupu. Mtanzania husema "naomba soda" hata kama ana fedha mkononi, na agizo lisilo na naomba wala karibu humgonga sikioni. Hili si tusi na halitaleta maandamano. Ila linamwonyesha msomaji kwamba anayemsemesha hakukaa naye.

Mkono wa kushoto uliotengenezwa na mashine

Katika picha ile, msichana anakabidhi chupa kwa mkono wa kushoto. Si Waswahili pekee wanaouona mkono huo kuwa si wa kupea wala kulia chakula. Jamii nyingi za bara zinakubaliana nao katika hili. Mtu angedhani mpiga picha hakujua. Kwa kweli mara nyingi anajua, na msichana alitoa kwa mkono wa kulia. Kosa hutokea baadaye, mezani pa msanifu, anapoigeuza picha upande ili chupa ikae kulia na maneno yakae kushoto. Picha ikigeuzwa kama ya kwenye kioo, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Kwa bahati njema leso yenyewe hutoa ushahidi: jina lake litasomeka kinyumenyume. Penye maandishi yaliyopinduka, mkaguzi na aangalie mikono ya kila mtu aliye katika picha, vifungo vya mashati na pete. Pasipo maandishi hana budi kuiomba picha ya asili.

Kugeuza si hatari pekee. Jina la leso ni refu na picha za mtandaoni aghalabu ni za mraba, kwa hiyo jina hukatwa pande zote mbili. Hapa muundo wa Kiswahili wenyewe huongeza hatari. Katika kitenzi chetu ukanushi hukaa mwanzoni, ndani ya neno, si katika neno la pekee linalofuata. Ukikata upande wa kushoto wa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, silabi mbili tu, unabaki na SAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, na onyo limegeuka kuwa ushauri wa kumdhulumu mwenzako. Ukikata SIOGOPI unapata OGOPI, lisilo na maana, na msomaji analazimika kulijaza mwenyewe kwa analolitaka. Mkaguzi anapaswa kuitazama picha katika kila umbo litakalotumika, la mraba, la wima na la mlalo, na kusoma kilichosalia kana kwamba ndicho kilichoandikwa tangu mwanzo.

Herufi zinapotengana

Yaliyosemwa juu ya picha yanahusu maneno pia. Kitenzi "kumaliza" hakina dosari, na wanafunzi hukiandika mara kumi kwa siku. Lakini herufi zake nne za kwanza zikisimama peke yake ni jina la utupu wa mwanamke, tena kwa lugha isiyo na tasfida. Katika kitabu hatari hii ni ndogo, kwa kuwa mhariri hukata neno mwishoni mwa mstari kwa uangalifu. Katika tangazo ambalo maneno huandikwa kwa herufi kubwa, au huingia kwenye kioo cha simu vipande vipande, neno linaweza kukatika mahali pabaya na kubaki hivyo kwa muda wa kutosha kupigwa picha na kusambazwa. Katika tangazo letu kinachofuata ni "ukavu", na msomaji ataelewa bila kuelezwa kwa nini kicheko hakitakoma upesi. Vitenzi vyote vyenye kiambishi ku- na mzizi unaoanza na ma- vimo katika hatari hii. Kadhalika maneno yanayounganishwa bila nafasi nyuma ya alama ya reli: "huku" likifuatwa na "maridadi" yanazaa neno hilo hilo katikati, na jicho hulikamata kabla ya akili kutenganisha.

Kosa la herufi moja nalo lina aibu zake. Wauza vinywaji wangefanya vyema kuilinda w iliyo katika "kunywa" kwa kila hali, kwani ikidondoka kinachobaki ni kitendo cha kujisaidia haja kubwa. Kampuni ya bima ikidondosha a moja katika "itakufaa" itakuwa imemtabiria mteja mauti ya kitu chake. Haya ni makosa ambayo mashine ya kukagua tahajia haiyaoni, kwa sababu matokeo yake ni maneno halali.

Na si lazima kuwe na kosa. Yapo majina ya biashara yaliyozaliwa katika lugha nyingine yakiwa na maana safi. Kampuni ya mavazi ya Istanbul iliyoanzishwa mwaka 1991 inaitwa Mavi, neno ambalo kwa Kituruki ni rangi ya buluu. Hakuna wa kulaumiwa. Ila anayelitungia jina kama hilo sentensi ya Kiswahili hana budi kuchunguza jirani zake. "Vaa" mbele yake ni jambo moja, na "nunua" ni jingine, na yote mawili yatachekesha.

Aina nyingine ya hatari ni neno ambalo limegawanyika baina ya nchi. Mkenya hufundishwa shuleni kwamba kudinda ni kukataa katakata, na gazeti linaweza kuandika kwamba waziri amedinda kujiuzulu. Ukivuka mpaka wa Namanga, kitenzi hicho kinahusu hali ya mwili wa mwanamume ambayo haitajwi mbele ya wakwe. Mkaguzi wa Kenya hawezi kulitambua neno hili kwa kujichunguza mwenyewe. Kwake ni neno la heshima, pengine hata la kujivunia.

Jinsi ya kuuliza, na jinsi ya kusikia

Hii ndiyo sababu ukaguzi wa aina hii hautoshi kufanywa na mtu mmoja mwenye kamusi. Linalowezekana, hata kwa fedha kidogo, ni kulipeleka tangazo kwa wasomaji wanne au watano wa mahali na umri tofauti: mwanamke wa makamo wa Mombasa au Lamu, kijana wa Nairobi, mtu wa Dar es Salaam, mtu wa Bukavu au Lubumbashi. Wasikae chumba kimoja. Wakikaa pamoja, mdogo atamfuata mkubwa na bara itaifuata pwani. Kila mmoja aonyeshwe kwanza picha bila maneno na kuombwa asimulie kisa anachokiona. Kisha apewe maneno bila picha, ayasome kwa sauti. Mwisho avione vyote pamoja. Tofauti ya simulizi la kwanza na la mwisho ndiyo habari inayotafutwa. Katika mfano wetu, mama wa Mombasa aliyeiona picha pekee angesema pengine ni mama na mwanawe. Ukewenza ungejitokeza tu picha na neno bibi vinapokutana, na anayeulizwa "Je, kuna kosa lolote hapa?" angejibu hakuna.

Kusoma kwa sauti kuna faida yake ya pekee. Msomaji anayesita kabla ya neno, au kulipita upesi, au kutabasamu, amekwisha kujibu.

Hapa ndipo penye ugumu ambao maelekezo ya makampuni huwa hayautaji. Mwenye kulijua neno chafu ndiye asiyeweza kulieleza. Mwanamke wa miaka sitini akiulizwa na kijana wa kiume kwa nini neno fulani halifai, adabu inamzuia kulifafanua. Atasema, "Si neno zuri hilo, mwanangu," na kunyamaza. Mkaguzi mgeni ataandika kwamba mhojiwa hakutoa sababu na kuliacha neno libaki. Mswahili angejua kwamba hiyo ndiyo sababu, na kwamba kuendelea kumbana ni kumvunjia heshima. Vivyo hivyo mtu anaposema "wenyewe watacheka", hasifii ucheshi wa tangazo. Kauli hizi za tasfida zinapaswa kuhesabiwa kama pingamizi kamili. Anayehitaji ufafanuzi na amtume mwanamke wa rika la mhojiwa, naye huenda akarudi na maelezo marefu.

Mipaka ya njia hii haina budi kukubaliwa. Misimu hubadilika haraka, na neno la Sheng lililokuwa safi mwezi wa Januari linaweza kuchafuka kabla ya Juni. Ukaguzi wa mwaka jana haufai mwaka huu. Wakati nao una hukumu yake: chakula kinachovutia saa saba mchana katika mwezi wa Ramadhani kinaudhi, na picha hiyo hiyo saa moja jioni ni ukarimu. Tena ipo hatari ya kuzidisha woga. Mkaguzi anayeogopa kila neno lenye uwezekano wa kuchekesha ataishia kuidhinisha "Jambo" na "Hakuna matata".

Na hata haya mawili si salama kama yanavyodhaniwa. Msemaji wa kawaida wa Kenya husema "hakuna shida", wa Tanzania "hamna shida". "Hakuna matata" anayeambiwa ni mtalii. Kampuni inayomwambia Mswahili maneno hayo inamwonyesha kwamba inamwona kama mgeni katika lugha yake. Zaidi ya hapo, kampuni ya Disney iliomba kuyasajili maneno hayo kama alama ya biashara huko Marekani mwaka 1994, ilipotoka filamu ya The Lion King, na ikapewa usajili mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2018 pingamizi la mtandaoni lilikusanya sahihi nyingi za watu walioona kuwa ni kunyang'anywa mali ya umma. Kisheria, usajili huo haukumzuia mtu kuyatamka. Ulihusu bidhaa kama fulana. Lakini uchungu uliobaki haukutokana na sheria, na chapa nyingine inayoyaokota maneno hayo leo inaokota pamoja nao uchungu huo.

Tangazo lilivyotengenezwa upya

Turudi kwa msichana na mzee wake. Wazo la kwanza la msanifu litakuwa kulifuta jina la leso ili kuondoa hatari. Hilo si suluhisho zuri. Leso iliyofutwa jina huonekana kama mtu aliyezibwa mdomo, na msomaji hujiuliza kilikuwa kimeandikwa nini. Kama jina halitakiwi, ipo kisutu, leso ya mistari na madoa ya nyeupe, nyeusi na nyekundu, ambayo mara nyingi haina jina. Lakini kisutu ni ya harusi, na kuiweka katika Siku ya Akina Mama kutaleta kisa kingine. Afadhali kuchagua jina linalokubaliana na siku yenyewe. NANI KAMA MAMA ni jina la kawaida mno, na ukawaida wake ndio usalama wake. Ni fupi, halikatiki vibaya likibaki zima, na halina ukanushi wa kupotea. Isipokuwa bidhaa ingekuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga. Hapo jina hilo lingekuwa kejeli kwa anayenyonyesha, na tangazo lenyewe lingegongana na sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inayodhibiti uuzaji wa bidhaa za kuchukua mahali pa maziwa ya mama.

Msichana avae leso mbili, au gauni na leso begani. Chupa aitoe kwa mikono yote miwili, jambo ambalo ni heshima zaidi na ambalo picha haiwezi kuliharibu hata ikigeuzwa. "Mambo!" iondoke, na isibadilishwe kwa "Shikamoo", kwa sababu kampuni haina umri wa kuamkia wala kuamkiwa. "Bibi" libadilishwe kwa "mama", neno ambalo Kenya, Tanzania na Kongo linamfaa mzazi, mzazi wa mzazi na kila mwanamke mwenye heshima zake. "Kumaliza ukavu wa ngozi" kuwe "ngozi isikauke". "Nunua sasa" kuwe "Karibu dukani".

Maneno yaliyobaki ni haya: "Jumapili hii mkumbuke mama. Ngozi yake isikauke. Karibu dukani." Msomaji wa Dar es Salaam huenda akaona kwamba ni ya kawaida, na yule wa Nairobi akaona ni ya pwani kidogo. Mama wa Mombasa ataitazama leso iliyo nyuma yao, ataisoma, kisha ataishusha macho hadi kwenye bei.